Geuza Shada Uangalie Vikonyo Kwanza

Jioni, mboga za majani huuzwa na maji. Pita soko la Buguruni au la Ilala baada ya saa kumi utamkuta muuzaji ameshika chupa yenye kizibo kilichotobolewa, ananyunyizia mchicha, chainizi, spinachi na sukuma wiki, na akifika mwisho wa meza anaanza upya. Hafanyi ulaghai. Kwa joto la Dar es Salaam, asiponyunyiza mboga yake itakuwa imelala kabla jua halijazama. Ila maji hayo humpa mnunuzi kazi ya ziada, kwa sababu jani lililochumwa alfajiri ya leo na jani lililochumwa juzi, yakilowana yote mawili, hung'aa sawasawa.

Wengi wetu tunachagua kwa kutazama jani, tena lile la juu tu. Tukiona kijani kibichi chenye matone, tunalipa. Saa moja baadaye, mboga ikiwa imewekwa mezani jikoni, maji yamekauka na majani yamejikunja, tunasema mboga za siku hizi hazina maisha. Mboga ilikuwa imeshachoka tangu sokoni. Alama zake zilikuwapo, ila zilikuwa upande wa pili wa shada, kwenye vikonyo.

Hapa nitazungumzia zaidi sukuma wiki na spinachi, kwa kuwa ndizo zenye vikonyo vinene vinavyosomeka vizuri, na mchicha nitaugusa pale unapotofautiana nazo. Spinachi ninayoisema ni ile ya kwenye magenge yetu, yenye jani pana linalong'aa na kikonyo kipana cheupe. Kimimea ni jamaa wa kiazisukari, wala si ile spinachi ya Ulaya yenye majani madogo laini. Nalitaja hili kwa sababu ushauri mwingi wa spinachi ya Ulaya, kama ule wa kuchagua yenye kikonyo chembamba, kwa spinachi yetu hautumiki.

Kwanza tuelewe kinachotokea jani linaponyauka. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za jani la spinachi ni maji. Maji hayo yamo ndani ya chembe ndogo ndogo, na kila chembe iliyojaa huwa imevimba na kukaza kama mpira uliojazwa upepo. Jani husimama kwa sababu ya mkazo huo. Halina mti ndani wa kulishikilia. Likiwa shambani hupoteza maji mchana kutwa kupitia vitundu vidogo vilivyoenea kwenye ngozi yake, lakini mizizi huyarudisha. Likishachumwa, kurudisha kunakoma na kupoteza kunaendelea. Halihitaji kupoteza nusu ya maji yake ndipo lilegee. Likipungua asilimia chache tu za uzito wake, mkononi unalihisi.

Huo ndio mnyauko wa kiu, na unatibika. Chembe bado ni nzima, zimepungukiwa tu. Mnyauko wa pili ni wa uzee. Jani lililochumwa haliachi kupumua. Linaendelea kutumia sukari iliyomo ndani yake, na kadiri joto linavyopanda ndivyo linavyopumua haraka: kila nyuzi 10 za joto zinapoongezeka, kasi hiyo huongezeka mara mbili au hata tatu. Akiba ikipungua, jani huanza kujivunja lenyewe. Ile rangi ya kijani iitwayo umbijani hubomoka, na manjano iliyokuwa imejificha chini yake tangu mwanzo hujitokeza. Kuta za chembe hudhoofika, na maji unayomwaga juu hayana tena mahali pa kukaa. Jani la namna hiyo hata ulilaze ndani ya ndoo usiku kucha halisimami. Litaloa, basi.

Kwa hiyo swali la mnunuzi mbele ya meza si kama mboga imenyauka au haijanyauka. Nyingi zitakuwa zimenyauka kiasi, hasa jioni. Swali ni kama ina kiu au imezeeka.

Shika shada, ligeuze, uangalie pale vikonyo vilipokatwa au kuvunjwa. Sukuma wiki huchumwa jani moja moja kutoka chini ya shina kwenda juu, mchumaji akivuta kikonyo kwa mkono, kwa hiyo kila jani lina kidonda chake. Siku ya kwanza kidonda hicho kina unyevu na rangi ya kijani hafifu inayokaribia nyeupe. Ukikigusa kwa kidole utahisi ubichi. Siku inayofuata kinaanza kukauka pembeni na kuwa rangi ya majani ya chai yaliyofifia. Baada ya hapo hudhurungi huzama ndani, ncha husinyaa na kuwa nyembamba kuliko sehemu iliyobaki ya kikonyo, na mwishowe hupasuka kwa urefu au kuanza kuteleza kama mboga ilikaa kwenye maji. Spinachi huonyesha mabadiliko haya waziwazi zaidi, maana kikonyo chake ni cheupe na kila doa la hudhurungi linaonekana.

Wauzaji wenye uzoefu wanalijua hilo. Asubuhi ya siku ya pili wengi hukata ncha zote kwa kisu, shada likapata uso mpya. Kukata ncha ni kutunza mboga, kwani kidonda kipya hunywa maji vizuri kuliko kile kilichoziba. Lakini mnunuzi anayetazama rangi ya ncha peke yake atapotezwa. Njia ya kujua ni kuangalia mkato wenyewe. Vikonyo vya shada lililokatwa kwa kisu mara moja vyote vimelingana, vimenyooka mstari mmoja. Ukiona hivyo, usikatae, ila omba jani moja la ndani na ulivunje kikonyo katikati.

Kuvunja ndiko kunakomaliza ubishi. Kikonyo kibichi huvunjika kwa mlio, na pale kilipovunjika panatoka unyevu. Kikonyo chenye kiu kitapinda kwanza, kisha kitavunjika ukikaza, na ndani bado ni kibichi na kimejaa. Kikonyo kilichozeeka hupinda kama kamba hadi ncha mbili zikakutana, na ukilazimisha kinachanika kikiacha nyuzi ndefu. Sukuma wiki yenye nyuzi za namna hiyo ni ile inayobaki mdomoni hata ikipikwa muda mrefu. Kwenye spinachi kuna alama nyingine ya kuangalia: bonyeza kikonyo kati ya vidole viwili. Kibichi ni kigumu na kimejaa. Kilichochoka kinabonyea na ndani unahisi uwazi, maana katikati yake pamekauka na kuwa sponji.

Mchicha hauna kikonyo kinene cha kuvunja, kwa hiyo jaribu shina kwa ukucha wa kidole gumba, karibu na chini. Ukucha ukiingia bila nguvu, shina zima litapikika. Ukigonga ukuta, utakula majani na kutupa zaidi ya nusu ya ulichonunua. Angalia pia kileleni: mchicha ulioanza kutoa maua au mbegu umeshahamishia nguvu huko, na shina lake limekomaa hata kama umeng'olewa leo asubuhi. Na ukiukuta unauzwa na mizizi yake, usimlaumu muuzaji kwamba anakupimia udongo. Mchicha uliong'olewa na mizizi hudumu zaidi ya uliokatwa, na ukiusimamisha kwenye bakuli lenye maji kidogo utaendelea kunywa.

Baada ya vikonyo, ingiza vidole katikati ya shada. Watu wachache hufanya hivi, na mimi nadhani ni kipimo kinachostahili nafasi ya pili. Majani yanayopumua hutoa joto, na shada lililokazwa sana kamba, au kurundikwa ndani ya kiroba, halina pa kulitolea. Katikati panakuwa na joto kuliko nje. Huko ndiko umanjano unakoanzia na ndiko utelezi unakoanzia, wakati majani ya nje yanayopigwa upepo na kunyunyiziwa maji bado yanapendeza. Vidole vikipokea ubaridi, vizuri. Vikikuta fukuto, fungua shada. Harufu nayo itakueleza: sukuma wiki mbichi hunukia majani tu, lakini iliyochoka hutoa harufu kali ya kabichi iliyochemshwa, maana ndugu wote wa kabichi wana kemikali zenye salfa zinazoachiliwa chembe zinapovunjika.

Sasa tufike kwenye rangi, ambayo ndiyo wengi huanza nayo.

Sukuma wiki nzuri si lazima iwe ya kijani kilichokolea. Jani lake bichi lina kijani chenye ubuluu kidogo, na juu yake kuna utando mwembamba wa nta unaolifanya lionekane kana kwamba limepakwa vumbi la unga. Pitisha kidole, utando unafutika na pale ulipopita panakuwa na kijani cheusi kinachong'aa. Jani lenye utando huo bado halijashikwashikwa sana, halijapakiwa na kupakuliwa mara nyingi. Nta hiyo pia ndiyo inayofanya matone ya maji yakae juu ya sukuma wiki yakiwa mviringo na kuteremka bila kuloanisha. Maji yanayonyunyizwa juu yake hupoza jani, lakini yanayoingia ndani ni kidogo. Spinachi haina nta nene kiasi hicho, ndiyo maana maji husambaa na kuifanya ing'ae zaidi. Wekeni hilo akilini mnapolinganisha mboga hizi mbili kwenye meza moja: mng'ao wa spinachi ni wa kutilia shaka kuliko wa sukuma wiki.

Umanjano nao si wa aina moja, na hapa watu hutupa mboga nzuri na kununua mbaya. Jani likiwa na kijani kilichopauka kwa usawa lakini limesimama imara na kikonyo kinavunjika kwa mlio, limetoka kwenye shamba lenye njaa ya naitrojeni. Mmea ukikosa naitrojeni huinyonya kutoka kwenye majani ya chini na kuipeleka kwenye machipukizi, na mchumaji wa sukuma wiki huchuma hayo hayo ya chini. Mboga hiyo ni salama na ni mbichi. Inaweza kuwa ngumu kidogo, lakini si ya kukimbiwa, na ni haki kuomba bei ipungue.

Jani lililolegea ambalo umanjano wake umeanzia pembeni na kuingia katikati, na mishipa ikiwa bado ya kijani, ni la uzee. Moja au mawili kwenye shada ni kawaida. Yakifika robo ya shada, mengine yatafuata kesho.

Upo na umanjano wa ugonjwa. Kwenye sukuma wiki utaona kabari ya manjano iliyo pana ukingoni mwa jani na kuchongoka kuelekea mshipa wa kati, na ndani ya kabari hiyo mishipa midogo imekuwa myeusi. Huo ni uozo mweusi, ugonjwa wa bakteria unaowasumbua wakulima wa kabichi na jamaa zake, hasa wakati wa mvua na joto. Haumdhuru mlaji, lakini jani lenye ugonjwa huo halidumu na huoza upesi likiwa limefungiwa pamoja na mengine. Kwenye spinachi ugonjwa ulioenea huja kwa madoa ya mviringo, katikati kijivu na ukingoni zambarau au wekundu. Madoa machache unayakata na kuendelea. Yakiwa yameungana, jani limeliwa na kuvu kabla yako.

Mara nyingine shada lililokuwa zuri asubuhi huwa limepata manjano jioni kwa sababu ya majirani zake. Ndizi, maembe, maparachichi na nyanya zinapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huyahimiza matunda mengine kuiva. Majani ya kijani yakipata gesi hiyo huzeeka haraka. Genge dogo lenye mkungu wa ndizi mbivu juu ya rundo la sukuma wiki linaipunguzia mboga maisha hata kama muuzaji ananyunyiza maji kila nusu saa. Nyumbani ni vilevile, na huko kosa ni letu.

Nichukue mfano wa meza moja jioni, saa kumi na moja hivi. Kuna mashada matatu ya sukuma wiki. La kwanza limelowa, limesimama, vikonyo vimekatwa vikalingana. La pili limekaa pembeni bila maji, majani yake ya nje yameinama, vikonyo havilingani na vingine vimechanika kidogo pale vilipovutwa kwenye shina. La tatu lina majani mapana sana, kila moja karibu upana wa sinia dogo, limesimama vizuri.

Mnunuzi mwenye haraka atachukua la kwanza, na muuzaji naye atamwelekeza huko huko. Mimi ningeanza kwa kulikung'uta shada la kwanza maji yatoke. Tuseme majani ya nje yanabaki imara, lakini vidole vikiingia katikati vinakuta fukuto, na majani mawili ya ndani yana manjano pembeni. Navunja kikonyo, kinapinda na kuacha nyuzi. Hilo limekaa siku mbili au zaidi, limefanyiwa mkato mpya asubuhi.

Shada la pili, lililoinama, ukilivunja kikonyo kinapinda kidogo kisha kinavunjika, na ndani ni kibichi. Katikati ya shada ni baridi. Ule utando wa nta bado upo juu ya majani. Ncha za vikonyo zimekauka juu juu tu. Hilo lina kiu. Huenda lilichumwa leo mchana, jua likiwa kali, jani likiwa limeshapungukiwa maji likiwa bado kwenye mmea. Uchumaji wa mchana huharibu sana, kwani jani huondoka shambani likiwa na joto na nusu tupu, tofauti na la alfajiri ambalo usiku kucha limejazwa na mizizi na kupozwa na hewa.

"Mama, hili nipe," utasema. "Chukua hili dada, hilo limelala," atakujibu, na anasema hivyo kwa nia njema, kwa kuwa kwa miaka mingi wateja wake wamemfundisha kwamba kinachosimama ndicho kinachonunuliwa. Mwambie unalitaka hilo hilo lililolala, na kwa kuwa limelala akuongezee kidogo. Mara nyingi ataongeza.

Shada la tatu ni suala la ukomavu zaidi ya ubichi. Majani mapana sana ya sukuma wiki yamekaa muda mrefu kwenye mmea. Vikonyo vyake vinaweza kuvunjika kwa mlio na bado mshipa wa kati ukawa mgumu. Chana jani kwa vidole kutoka ukingoni hadi kwenye mshipa: likichanika kwa urahisi litaiva haraka, likivutika bila kuachia litahitaji kukatwa jembamba sana na kupikwa muda mrefu. Kwa familia inayopenda kuikata jembamba na kuikaanga na vitunguu, jani lenye ukubwa wa kiganja kilichofunguliwa au zaidi kidogo ndilo linalofaa. Makubwa si mabaya, lakini usilipie mshipa utakaouondoa.

Shada la pili ukilifikisha nyumbani, kata ncha za vikonyo upana wa kidole kimoja, usimamishe mboga kwenye chombo chenye maji safi ya baridi yafike nusu ya vikonyo, na uiweke kivulini. Ndani ya nusu saa hadi saa moja majani yatanyanyuka. Hicho ni kipimo cha mwisho, na kinakufundisha kwa safari inayofuata: iliyonyanyuka ilikuwa na kiu, isiyonyanyuka ilikuwa imezeeka na ipikwe usiku huo huo. Tusijidanganye kwamba maji yanarudisha kila kitu. Vitamini C huanza kupungua jani linapochumwa, na hupungua kwa kasi zaidi likiwa limenyauka kwenye joto. Maji yanarudisha mkazo. Vitamini iliyopotea hairudi.

Kwa sababu hiyo hiyo nina shaka na mboga iliyokwisha kukatwakatwa na kufungwa kwenye mfuko. Nairobi mama mboga hukukatia sukuma wiki mbele yako, jembamba kwa ustadi ambao wengi hatuna, na huduma hiyo ni nzuri mradi umechagua majani kwanza kisha yeye akate. Iliyokatwa tangu asubuhi ni habari nyingine. Kila mkato ni kidonda, maji na vitamini hupotea kupitia hapo, na kibaya zaidi ni kwamba vikonyo vyote unavyoweza kuvisoma vimeshaondoka. Kinachobaki ni kuangalia kingo za vipande kama zimekuwa za hudhurungi, na kama ndani ya mfuko kuna maji yaliyokusanyika. Yakiwepo, acha.

Matundu kwenye majani huwatia watu hofu bure. Tundu kavu lililokwisha kupona pembeni ni alama ya mdudu aliyekula na kuondoka. Kinachohitaji macho ni upande wa chini wa jani la sukuma wiki, kwenye mikunjo karibu na mshipa, ambapo vidukari hujikusanya wakiwa kijivu na kufanana na majivu yaliyomwagika. Wachache huoshwa. Wakiwa wametanda, jani huwa limejikunja na kupoteza nguvu. Kwa upande mwingine, shada lisilo na tundu hata moja halithibitishi usafi. Huenda limepigwa dawa jana, kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa hazijaisha. Ukiona vidoa vyeupe au vya buluu vilivyokauka kwa mpangilio wa matone, vya kufanana jani hadi jani, uliza ilipigwa dawa lini. Jibu likiwa la kubabaika, nenda meza nyingine.

Na hapa ndipo macho, vidole na pua vinapoishia. Rangi nzuri haikuambii maji yaliyomwagilia mboga yalitoka wapi. Maji machafu yana naitrojeni nyingi, na naitrojeni huleta majani mapana yenye kijani kilichokolea, yale yale ambayo mnunuzi huyakimbilia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, ulikuta madini mazito ndani ya mboga hizo. Madini yaliyopanda kupitia mizizi hayaondoki kwa kuosha wala kwa kupika, na hakuna kikonyo kitakachokuonyesha. Kuosha kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani, kunaondoa udongo, vidukari, sehemu ya dawa iliyobaki juu na vijidudu vingi vilivyoletwa na maji ya kunyunyizia. Hayo yanatosha kukufanya uoshe kila mara, lakini swali la bustani linabaki kuwa swali la kuuliza kwa mdomo. Muuzaji anayenunua kwa mkulima mmoja siku zote atakutajia eneo bila kufikiri. Anayenunua kwa jumla sokoni usiku pengine hajui, na akikuambia hajui, amekuambia ukweli.

Ukirudi na mboga ambayo hutaipika siku hiyo, fungua kamba ya shada kabla ya kufanya lolote, ili lile fukuto la katikati litoke. Toa majani yenye manjano na yaliyoteleza, kwani jani moja linalooza huambukiza lililolala juu yake. Usiioshe bado. Izungushie kitambaa chenye unyevu mdogo, si cha kuchuruzika, uiweke mahali penye ubaridi na hewa. Ukiwa na friji, itie kwenye mfuko wa nailoni uliotobolewa matundu machache, sehemu ya chini, mbali na ndizi mbivu na maembe. Mfuko uliofungwa kabisa hugeuza pumzi ya majani kuwa maji, na maji hayo huleta utelezi. Sukuma wiki iliyochaguliwa vizuri itakaa hivyo siku kadhaa bila kupoteza umbo. Spinachi itatangulia kuchoka, kwa hiyo ipike kwanza.

Kesho ukifika kwenye genge lako, kabla hujasema bei, liombe shada mkononi, likung'ute maji, uligeuze na uvunje kikonyo kimoja cha ndani. Muuzaji akikukataza kuvunja, nunua kwa jirani yake.